Themanini ya Ngapi kwa Ngapi?

Kitasa cha mlango wa mbele kilikuwa kinagoma, ufunguo unaingia vizuri ila kuzunguka mpaka uombe dua, nikasema hii nabadilisha mwenyewe, maana mama mkwe alikuwa kwetu na nilitaka ajue binti yake hajakosea.

Kasha lililozama ndani ya mbao lilikuwa zima, shida ni silinda tu, ile inayochomekwa ufunguo pande zote mbili. Nikatoa skrubu ndefu ya ubavuni mwa mlango, navuta, haitoki. Nikachukua nyundo. Mama mkwe kwenye kochi akasema taratibu, "Baba, zungusha ufunguo kidogo kwanza." Nikazungusha kidogo tu, kile kijino cha katikati kikalala usawa na silinda, ikachomoka yenyewe kama jino la utoto. Kumbe marehemu mumewe alikuwa seremala, nilisahau kabisa.

Nikapima na tepu, ncha mpaka ncha, milimita 80, nikaandika kiganjani. Silinda yenyewe nikaiacha mezani, ya nini wakati namba ninayo? Muuzaji akauliza, "Themanini ya ngapi kwa ngapi?" Nikaona huyu ananitega, nikamjibu themanini ni themanini bwana. Akanipa 40 kwa 40.

Nikafunga, skrubu ikakubali, nikajaribu kwa nje, laini kama siagi. Imechomoza kidogo lakini nikaona ni urembo.

Usiku sasa. Kwa ndani silinda imezama sentimita nzima, kichwa cha ufunguo kinagota kwenye bati, ufunguo haufiki mwisho kwahiyo hauzunguki. Komeo tulishaling'oa wakati wa kupaka rangi. Mke wangu akafikiria weee, akasema, "Basi funga kwa nje, ufunguo utupitishie dirishani."

"Na mimi?"

"Kibarazani si kuna mkeka."

Mama mkwe ndo akaniokoa, akaburuza kinu mpaka nyuma ya mlango, tukalala.

Asubuhi fundi kaja, kacheka kwanza. Mlango wetu uliongezewa mbao kwa ndani, kwahiyo kitasa hakiko katikati ya unene. Akaweka kidole kwenye tundu la skrubu la silinda ya zamani, akapima kutoka hapo kwenda kila upande: nje 30, ndani 50. Jumla 80 yangu ilikuwa sahihi ila haina kazi. Akaongeza kwamba ule urembo wangu mwizi angeubana na koleo, silinda ikakatika palepale kwenye tundu la skrubu, maana ndo pembamba kuliko pote.

Nikarudi dukani na silinda mfukoni. Muuzaji kuniona tu, "Ya ngapi kwa ngapi leo?" Nikanunua 30 kwa 50, nikawahi nyumbani, fundi nikamwambia aende tu, nikafunga mwenyewe, nikarudi nyuma nitazame kazi yangu.

Nimeiingiza kinyume. 50 yote imetokea nje.

Mama mkwe akachungulia, akainuka bila kusema kitu, nikasikia kinu kinaburuzwa.