Baada ya saa nne usiku, nipigie mara mbili

Ujumbe wa kwanza huwa neno moja tu: "Umelala?" Saa tano na dakika arobaini usiku. Ukijibu, maana yake uko macho, kwa hiyo una nafasi ya kusikiliza. Usipojibu, unaingia wa pili, wa tatu, kisha voisi noti ya dakika nne, na simu inatetema juu ya stuli kando ya kitanda mpaka mtoto anajigeuza. Kwa miezi kama minane ndivyo nilivyoishi na rafiki yangu mmoja, mtu niliyesoma naye chuo cha ualimu, aliyekaa nami msibani siku saba mama yangu alipofariki. Mwishowe nilimwekea mpaka, na bado ni rafiki yangu. Lakini nilianza kwa kukosea, na kosa lile lile nalisikia kila mara wenzangu wanaponisimulia mambo yao, ndiyo maana naandika.

Kwanza nimtendee haki. Aliacha ualimu, sasa anauza nguo Kariakoo na anaishi Mbagala. Akifunga biashara jioni, foleni inamfikisha nyumbani saa tatu. Hapo kuna kupika, kufua sare za shule, kukagua madaftari. Watoto wakishalala, yeye anakaa chini kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, na nyumba iko kimya. Mumewe aliondoka mwaka uliotangulia. Tena kuna bando la usiku, lile la bei nafuu, ambalo kwa mtu anayehesabu kila shilingi ndilo pekee linaloruhusu maongezi marefu. Kwa hiyo saa iliyonitesa mimi ndiyo saa pekee iliyokuwa yake. Nilipoelewa hilo hasira ilipungua, ila usingizi haukurudi. Mimi naamka saa kumi na moja niwahi daladala, na darasani nasimama mbele ya watoto zaidi ya 80. Wataalamu wa usingizi wanasema mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na kwangu hiyo inamaanisha kulala saa nne kamili, bila kukatishwa.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na hodi. Unabisha mara tatu, usipoitikiwa unarudi, wala huna haki ya kununa. Kwa Waislamu jambo hili limeandikwa: Sura ya An-Nur, aya ya 58, inataja nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa nyumbani wabishe kwanza kabla ya kuingia, na mojawapo ni baada ya sala ya isha. Simu haina mlango wa kubishia. Ujumbe ukifika umeshaingia hadi kwenye mto wa kulalia, na mtumaji haoni kama taa zimezimwa. Rafiki yangu asingethubutu kabisa kugonga mlango wangu saa sita usiku ili aniambie habari za mwenye fremu yake. Hakuwa amekosa adabu. Alikuwa haoni mlango, na mimi sikuwa nimemwonyesha ulipo.

Sasa kosa langu. Nilikuwa najibu siku nyingine na siku nyingine sijibu. Nikiwa na nguvu, nilijibu ujumbe wa kwanza. Nikiwa nimechoka, nilinyamaza, ila akifikisha ujumbe wa kumi na tano huruma ilinishinda nikaandika, "Pole mwenzangu, kuna nini?" Nilidhani huo ni wema. Kumbe nilikuwa namfundisha kwamba ujumbe mmoja hautoshi, kumi haitoshi, ukifika wa kumi na tano mlango unafunguka. Mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alionyesha jambo hili kwa njiwa katika karne iliyopita: njiwa anayepata punje mara moja moja, bila kujua ni lini, huendelea kudonoa muda mrefu sana baada ya punje kukatika, kuliko yule aliyezoea kuipata kila akidonoa. Binadamu mwenye majonzi hutofautiana na njiwa kwa mengi, lakini kwa hili sioni tofauti kubwa. Jibu la bahati nasibu humfunga mtu kwenye simu kuliko jibu la kila siku.

Kosa la pili lilikuwa uongo mdogo mdogo. "Simu iliisha chaji." "Mtandao ulisumbua." Na yeye alikuwa ameniona niko mtandaoni saa nne na nusu. Tiki za bluu na ile saa ya mwisho kuonekana vimewaumbua watu wengi, na kilichomuumiza si kwamba sikujibu, bali kwamba nilidanganya. Wapo pia wanaomsingizia mume: "Baba watoto analalamika." Tafadhali usifanye hivyo. Rafiki ataanza kumchukia mumeo, kisha siku utakaposema mume amesafiri, simu itaita mpaka alfajiri, maana kizuizi ulichomtajia hakipo.

Nilizungumza naye Jumamosi mchana, kwangu, chai ikiwa mezani. Mpaka wenyewe usiuandike usiku. Ukiuandika saa sita ukiwa umechoka, kila neno linasomeka kama ukali, naye anaachwa nalo peke yake gizani. Nilimwambia hivi, karibu neno kwa neno: "Mwenzangu, nataka kuendelea kukusikiliza, na usiku siwezi tena. Kuanzia saa nne simu yangu haitoi sauti mpaka saa kumi na moja. Wewe andika saa yoyote ukijisikia, mimi nitasoma asubuhi nikiwa kwenye daladala na nitakujibu. Ijumaa saa mbili na nusu, ukiwa njiani au umefika, nakupigia mimi, tunaongea mpaka tutosheke. Na kama kuna jambo la hatari, nipigie simu ya kawaida mara mbili mfululizo. Hiyo nitaisikia."

Sikumkataza kuandika. Kwangu hicho ndicho kiini cha mambo yote. Ukimwambia mtu "usinitumie ujumbe usiku," umejipa kazi ya kulinda mikono yake, na kila akiteleza utalazimika kumkemea. Ukimwambia wewe mwenyewe utafanya nini, mpaka uko mikononi mwako, na yeye anabaki na uhuru wa kumimina yaliyomjaa moyoni saa ile ile yanapomjaa. Baadaye aliniambia kuwa kule kuandika akijua hakuna atakayejibu kulimpa nafuu fulani. Hilo sikulitarajia.

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe nakusumbua." Hapa ndipo wengi tunapoangukia, kwa sababu adabu yetu ina jibu lililo tayari mdomoni: "Aa, hapana, hunisumbui kabisa." Ukilitamka umefuta yote uliyosema. Nilimjibu, "Ile saa inanisumbua. Wewe ningekuambia mapema kama ungekuwa unanisumbua, maana sina sababu ya kukuficha." Alilia, nami nikalia. Hatukumaliza siku ile tukiwa tumefurahi, na nadhani haikuwa lazima.

Kisha tukatengeneza simu tukiwa wote wawili. Kwenye Android kuna mpangilio unaoitwa Usinisumbue, unaoupangia saa ya kuanza na ya kuisha, na ndani yake kuna ruhusa ya kumpitisha mtu anayepiga tena ndani ya dakika 15. Niliiwasha, akanipigia akiwa amekaa mbele yangu: mara ya kwanza kimya, mara ya pili ikalia. Jaribuni hivyo hivyo, msiamini tu maandishi, kwa kuwa simu hazifanani, na tegemeeni simu ya kawaida badala ya ile ya WhatsApp. Kunyamazisha gumzo lake peke yake ndani ya WhatsApp kunawezekana pia, kwa saa 8, wiki 1 au daima, na yeye hapati taarifa yoyote. Lakini mimi sikutaka njia inayofanywa kwa siri. Nilitaka aone mlango, na aone kitasa chake kiko wapi.

Wiki ya kwanza mambo yalizidi badala ya kupungua. Usiku wa tatu nilikuta ujumbe 22 asubuhi. Mtu asiyejua angesema mpango umeshindikana, angejibu usiku wa nne, na hapo angekuwa amefundisha kwamba sasa bei ni 22. Ongezeko hilo hutokea mara nyingi njia iliyozoeleka inapozibwa ghafla, kama mtu anayebonyeza kitufe cha lifti kwa nguvu zaidi kinapogoma. Huwa linapita. Kwangu lilipita baada ya siku kumi hivi.

Kilicholipitisha si ukimya wangu wa usiku peke yake. Ni jibu la asubuhi. Nilisoma yote, na sikuandika "nimeona" wala kutuma vidole gumba. Nilichukua jambo moja lililoonekana zito kuliko mengine nikalijibu kwa sentensi nne tano. Na Ijumaa nilipiga mimi, saa mbili na nusu, bila kukosa, hata siku niliyokuwa na mtihani wa kusahihisha. Ukiweka mpaka halafu ukakosa kutokea saa uliyoahidi, rafiki ana kila sababu ya kuona kuwa umemfukuza kwa maneno matamu.

Kuna hali ambayo haya yote hayafai. Mtu akiandika kwamba amechoka kuishi, kwamba watoto watakuwa salama zaidi bila yeye, au akianza kuaga na kugawa vitu vyake, hapo hakuna saa nne. Unapiga. Unamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa maana kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani, na unamtafuta mtu aliye karibu naye, jirani au ndugu, akae naye mpaka apelekwe hospitali. Nilipokuwa nasoma ujumbe wake kila asubuhi, hili nilikuwa nalitazama kwanza kabla ya mengine. Na kwa sababu ujumbe huo husomwa asubuhi, nilimwambia pia Jumamosi ile: wazo la namna hiyo likikujia usiku, usiandike, piga mara mbili.

Alipiga mara mbili usiku mmoja tu, mwezi wa tano. Saa nane kasoro. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na homa kali na ameanza kupatwa na degedege. Mume wangu alitafuta bajaji, mimi nikavaa kanga, tukamkuta barabarani amembeba. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la hospitali tukisubiri majibu ya kipimo cha malaria, aliniuliza kama kesho yake nitaweza kufundisha. Nikamwambia nitamwomba mwalimu wa zamu anishikie kipindi cha kwanza. Akanitandikia mtandio wake nilaze kichwa, akasema yeye atakuwa macho na mtoto, mimi nilale.