Kijiti cha bogenvilia: dawa ya mizizi, asali au mkono mtupu?

"Mama, nimechomeka vijiti vya bogenvilia mara tatu hapa Mamboleo. Vinachipua majani vizuri, halafu vinanyauka na kufa. Kijana wa kitalu anasema bila dawa ya mizizi ninajisumbua bure. Jirani naye anasema asali yatosha. Nimsikilize nani?"

Majani hayo ndiyo yaliyokudanganya. Kijiti cha bogenvilia kilichokomaa kina akiba ya chakula ndani yake, na macho yake huamka kwa akiba hiyo hata kama chini hakuna mzizi hata mmoja. Wiki ya pili au ya tatu unaona kijani, unafurahi, unaongeza maji. Kumbe jani likishafunguka linapoteza maji kila jua linapopanda, na chini hakuna kitu cha kuyarudisha. Akiba inaisha, majani yanalegea, kijiti kinakufa. Kwa hiyo ubishi wa dawa na asali ni ubishi kuhusu mbio: kipi kitatangulia, mizizi kutoka au akiba kuisha?

Mizizi haitoki kwa sababu tu kijiti kimegusa udongo. Mmea hutengeneza kichocheo kiitwacho auksini katika ncha na majani yake machanga, nacho husafiri kushuka chini. Tawi likikatwa, kichocheo kinakosa pa kwenda, kinajikusanya penye jeraha, na hapo chembe zilizo chini ya gome huanza kujigeuza kuwa mizizi. Dawa ya mizizi, yaani ule unga wa agroveti, ni poda yenye auksini iliyotengenezwa kiwandani. Mara nyingi ni ile inayoandikwa IBA kwenye kopo, na wakulima wa vitalu wameitumia tangu miaka ya 1930. Haina chakula wala mbolea ndani yake, na haiui ukungu, isipokuwa kama mtengenezaji ameichanganya na dawa ya ukungu. Kazi yake ni moja tu, kuongeza kile ambacho majani yangeshusha.

Ukilielewa hilo, utaona ni kwa nini watu wawili wazoefu wanaweza kupingana na wote wakawa wamesema kweli. Haibiskasi nyekundu ya uani, ile tunayopandia ua kuanzia Kisumu hadi Kakamega, tunaichomeka ikiwa na majani mawili matatu. Tawi lenyewe ni la umri wa kati, halijawa gumu kabisa, lina urefu wa sentimita 10 hadi 15. Majani hayo yanaendelea kushusha auksini siku zote za kusubiri. Bibi aliyeotesha ua mzima kwa vijiti vya haibiskasi alitumia dawa, ila dawa hiyo ilikuwa juu ya kijiti. Bogenvilia kwa kawaida tunaichomeka ikiwa kijiti kigumu kisicho na jani. Haina wa kuishushia, na kwa hiyo pengo la dawa kwake ni kubwa zaidi.

Ndiyo maana kwa haibiskasi ya kawaida sinunui dawa, na siwashauri watu wanunue. Zile za kisasa zenye maua makubwa ya rangi mbili ni ngumu zaidi kushika, na hapo unga una maana. Kwa bogenvilia ninamuunga mkono kijana wa kitalu, lakini nusu tu.

Nitaeleza nilichokiona. Mwanzoni mwa mvua za Machi nilikata vijiti 24 kutoka bogenvilia moja yenye maua ya zambarau, vyote unene wa kalamu au zaidi kidogo, sentimita 15 hadi 20, kila kimoja na vifundo vinne au vitano. Nilichagua matawi yasiyokuwa na maua, maana tawi lililojaa maua limeshatumia akiba yake. Chini nilikata bapa, chini kidogo tu ya kifundo, na juu nikakata mshazari ili nisije nikachomeka kichwa chini. Kisha nikakwangua utepe mwembamba wa gome upande mmoja wa chini, kama sentimita mbili, mpaka kijani kikaonekana. Kumi na viwili vikapakwa unga wenye auksini asilimia 0.3. Kumi na viwili havikupakwa kitu. Kila kijiti kikapata kikombe chake cha plastiki kinachoonyesha ndani, kilichotobolewa chini na kuzungushiwa gazeti, na vyote vikakaa chini ya mwembe.

Vilivyochipua kwanza ni vile visivyopakwa. Auksini nyingi huzuia macho kidogo, na asiyejua hilo angesema dawa imeharibu. Wiki ya sita nilifungua magazeti. Katika vilivyopakwa, tisa vilikuwa na mizizi myeupe ikitambaa kwenye ukuta wa kikombe, na ilikuwa imetoka pande zote za kijiti. Katika visivyopakwa, vitano vilikuwa na mizizi, vingi vikiwa na miwili au mitatu tu ya upande mmoja. Vingine viwili visivyopakwa vikatoa mizizi kufikia wiki ya kumi. Vilivyobaki pande zote mbili vilioza. Ishirini na nne ni hesabu ndogo, na mti ulikuwa mmoja. Lakini tofauti ile ndiyo inayotarajiwa: dawa iliharakisha mizizi na kuizidisha, na haikukiokoa hata kijiti kimoja kilichooza.

Kuoza ndiko kunakoua vijiti vingi vya Kisumu kuliko kukosa dawa. Udongo mweusi wa Kano ukilowa unashika maji kama unga wa ugali, hewa inakosekana, na chini ya kijiti panageuka peusi, laini, penye harufu. Hapo hakuna unga utakaosaidia. Mimi natumia sehemu mbili za mchanga wa mto, uliooshwa mpaka maji yatoke maangavu, na sehemu moja ya maganda ya mpunga kutoka Ahero yaliyochomwa yakawa makaa meusi. Yakifika kuwa jivu jeupe umepitisha, kwa sababu jivu lina magadi na linachoma jeraha. Maganda mabichi nayo huchacha na kupata joto. Ukiwa Nakuru, vipande vidogo vya mawe mepesi ya volkano vinafanya kazi hiyo vizuri, ila usiku wa kule ni wa baridi, kwa hiyo ongeza wiki kadhaa za subira.

Sasa asali. Asali inaua vijidudu kwa sababu ina sukari nzito inayowanyonya maji, na pia ina asidi. Ni ulinzi wa jeraha kwa muda mfupi. Haina auksini ya kufaa kuotesha mizizi. Ikishaingia kwenye mchanga wenye unyevu inayeyuka, nguvu ile inapotea, na inayobaki ni sukari ya kulisha ukungu. Nimewahi kufunua kijiti cha asali nikakuta mstari wa sisimizi unapanda na kushuka kando yake, na wamechimba nafasi ya hewa kuzunguka jeraha. Penye nafasi mzizi haushiki. Jirani yako hakudanganya kwamba vyake vilishika. Nadhani vingeshika hata bila asali.

Mdalasini wa unga ni afadhali kuliko asali, kwa kuwa unazuia ukungu bila kuleta utamu. Hata huo ni mlinzi tu. Ute wa mshubiri, ukikatwa papo hapo na kupakwa, hauna madhara, na kwa mtu asiye na kitu ndio ningeuchagua kwanza kwa sababu unaweka unyevu kwenye jeraha. Maji ya dafu yanasifiwa sana, lakini yanajulikana zaidi kwa kundi jingine la vichocheo, sitokinini, vinavyosukuma machipukizi. Kwa kijiti ambacho tatizo lake ni kuchipua kabla ya mizizi, hayo ni kuongeza petroli mahali pa moto. Maji yaliyolowekwa vijiti vya mti wa mierebi yana asidi salisiliki na vichocheo kidogo, na watu wa nchi za baridi huyatumia, lakini nguvu yake hubadilika kutoka sufuria hadi sufuria. Aspirini iliyosagwa haichukui nafasi ya auksini.

Upande wa pili pia una haki ya kusikilizwa, kwa sababu unga nao una makosa yake. Joto na mwanga huufifisha. Kopo lililokaa dirishani kwa agroveti miezi mingi juani laweza kuwa limebaki poda tu, hivyo angalia tarehe, kisha nyumbani ulifunge vizuri na kuliweka mahali pa baridi na giza. Usichovye vijiti kwenye kopo lenyewe. Mimina kidogo kwenye karatasi, chovya sentimita mbili za chini, gonga kijiti ili ziada idondoke, kisha utupe iliyobaki. Toboa mchanga kwanza kwa kijiti kingine, la sivyo unga wote unabaki juu. Na usidhani nyingi ni bora. Asilimia 0.1 ni ya matawi laini, 0.3 ni ya kati, 0.8 ni ya vijiti vigumu sana. Ukizidisha, chini panaungua pakawa peusi pakavu, na mizizi, ikitoka, inatoka juu ya pale palipoungua.

Kuna njia ya kati ambayo wengi wanaipita. Bogenvilia ya umri wa kati, si laini wala si ngumu, inaweza kuchomekwa ikiwa na majani mawili yaliyokatwa nusu, kisha ikafunikwa kwa chupa ya maji ya lita tano iliyokatwa chini. Majani yanashusha auksini yao, chupa inazuia yasikauke. Kifuniko cha chupa kinafunguliwa asubuhi ili hewa ibadilike, na chupa nzima inakaa kivulini, maana juani inapika. Ni kazi ya kila siku. Ukiwa na vijiti vitatu inawezekana, ukiwa na mia moja nunua unga.

Basi, mwanangu, vile ulivyonavyo sasa usiving'oe ili kuchungulia, wala usivivute kupima kama vimeshika. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na inakatika kama uzi uliooza, na wengi huua kijiti kilichokuwa kimeshapona siku ya kukihamisha. Kila kijiti chenye majani mengi kipunguzie, ubakize mawili. Maji yawe ya kulowesha mchanga tu, kisha usubiri juu yake pakauke kidogo. Majani yakibaki madogo kama ukucha kwa wiki nyingi, bado kinakula akiba. Likitoka jani la pili na la tatu lenye ukubwa wa kawaida, na shina jipya likirefuka kati yao, huko chini kuna mzizi. Kisogeze hicho polepole kwenye jua la asubuhi, na ukihamishie kwenye chungu pamoja na mchanga wake wote.