Mwisho wa barua pepe, omba jambo moja tu

"Natumaini kusikia kutoka kwako hivi karibuni." Naomba tuiache sentensi hii. Haimwambii msomaji afanye nini wala lini, kwa hiyo anaifunga barua kwa nia njema na kuisahau.

Chukua muuzaji wa kahawa wa Kampala anayemwandikia mnunuzi wa Mombasa. Anauza robusta ya skrini 18, yaani ya punje kubwa, magunia 320 ya kilo 60, mzigo wa kontena moja la futi 20. Sampuli imeshafika. Anamalizia hivi: "Niambie unaionaje sampuli, tarehe gani inakufaa, na malipo ya awali yatatumwa lini." Mnunuzi, akisoma kwenye simu, anajibu lililo jepesi: "Wiki ijayo ni sawa." Tarehe imepatikana, lakini sampuli haijakubaliwa, na kabla ya hapo hakuna wa kupakia gunia hata moja.

Katika maswali yale matatu, moja ndilo linalofungua mengine: sampuli. Ikikubaliwa, tarehe na malipo vitazungumzwa. Ikikataliwa, havina kazi. Basi ombi liwe aya peke yake, juu ya salamu za mwisho:

"Bwana Meneja, tafadhali nijibu NAKUBALI au NAKATAA kuhusu sampuli kabla ya Alhamisi saa 10 jioni (16:00). Ukikubali, nitakutumia ankara siku hiyohiyo."

Jibu lake ni neno moja, nalo linaandikika hata mtu akiwa kwenye foleni ya benki. Anajua pia kitakachofuata akijibu.

Saa nayo iangaliwe sana. Ukiandika "saa 10" bila zaidi, mmoja atahesabu kwa Kiswahili na kuelewa jioni, mwingine atasoma 10:00 ya asubuhi. Hapo mmepishana saa 6. Kampala na Mombasa zina saa moja, lakini Goma iko nyuma kwa saa 1, kwa hiyo kwa mnunuzi wa huko ongeza "saa za Kampala".

Barua ikienda kwa watu watatu, mtaje mmoja anayepaswa kujibu. Usipomtaja, kila mmoja atadhani mwenzake ameshajibu.

Wapo wanaopenda kuandika "usipojibu, nitachukulia umekubali". Kwa mzigo wa mtu mwingine na fedha zake, mimi napinga kabisa. Kimya kinaweza kuwa na maana ya safari, ugonjwa au barua iliyoangukia kwenye takataka. Maneno hayo yanafaa tu pale uamuzi ni wako, kwa mfano: "Nisipopata jibu, nitaitunza sampuli ya pili hapa ghalani hadi Jumatatu."

Ijumaa asubuhi, kama bado kimya, jibu juu ya barua ileile na urudie ile sentensi ya ombi peke yake, ukiweka siku mpya. Usiongeze swali la malipo. Ikifika jioni bado hajajibu, mpigie simu umuulize lilelile: sampuli ameikubali au ameikataa?