Bawa la ndege limetengenezwa lipinde

"Ndege ikianza kutikisika naona bawa linacheza mpaka nahisi litakatika. Kweli haliwezi?"

Pole sana, dada. Huko kupinda ndiko kunakolilinda. Upepo wa ghafla ukilisukuma kutoka chini, bawa linapinda, linapunguza makali ya ule msukumo, kisha linarudi mahali pake. Tumbo linapanda kwa sababu mwili unahisi badiliko la ghafla la mwendo, hata ndege ikishuka mita chache tu.

Wahandisi hukadiria mzigo mkubwa kuliko wote ambao bawa linatarajiwa kuubeba maishani mwake, halafu hulitaka listahimili huo na nusu yake zaidi. Mwaka 1995 watengenezaji wa ndege Boeing walilivuta juu bawa la ndege yao aina ya 777 kwa makusudi hadi livunjike. Ncha yake ilipanda zaidi ya mita 7, na lilivunjika mzigo ulipofika asilimia 154 ya ule uliokadiriwa. Safari za kawaida hazikaribii hapo kabisa.

Hatari iliyopo ni ya watu walio ndani. Mei 2024, 777 ya Singapore Airlines ilikumbwa na msukosuko mkali juu ya Myanmar, ikashuka kama mita 54 kwa chini ya sekunde 5. Abiria mmoja alifariki, na makumi wengine waliumia, wengi wao kwa kuwa hawakufunga mikanda wakarushwa juu. Ndege yenyewe ilitua Bangkok mabawa yakiwa mahali pake. Kwa hiyo ukikaa, funga mkanda chini kwenye nyonga, uubane, na usiufungue hata taa ya mkanda ikizimwa.