Dalali na mwenye duka: kamisheni ya soko la madau hukatwa wapi

"Kaka, hiyo Betfair yenu inakata asilimia 5 ukishinda. Kampuni ninayobetia hapa Birmingham hainikati kamisheni hata senti moja. Sasa nafuu iko wapi?"

Swali hili kuhusu Betfair, soko la madau ambalo wateja hubetiana wao kwa wao, naliandikiwa kila mara, na naelewa linakotoka. Kamisheni inaonekana. Inaandikwa kwenye akaunti yako kwa tarakimu, na inauma kwa sababu inakatwa kwenye furaha ya ushindi. Gharama ya kampuni ya kubeti haiandikwi popote. Imeshaingia kwenye odi kabla hujafungua ukurasa wa mechi.

Chukua mechi moja ya Ligi Kuu ya England. Odi nitakazotumia nimezitunga mwenyewe, ila ni za kawaida kabisa. Kampuni inatoa 2.00 kwa mwenyeji, 3.40 kwa sare na 3.60 kwa mgeni. Gawa 100 kwa kila odi utapata 50, 29.4 na 27.8. Jumlisha: 107.2. Uwezekano wa matokeo yote ya mechi ukijumlishwa hauwezi kuzidi asilimia 100, kwa hiyo hiyo 7.2 ya juu ndiyo faida ambayo kampuni imejiwekea. Unailipa ukishinda na unailipa ukishindwa, maana kila dau umelinunua kwa bei iliyopandishwa.

Kampuni ya kubeti ni mwenye duka. Bidhaa ni yake, bei anapanga yeye, na unapocheza unacheza naye. Soko la madau, kama Betfair iliyoanza Uingereza mwaka 2000, au Smarkets na Betdaq zilizofuata njia hiyo hiyo, kazi yake ni ya dalali. Yeye habeti. Anamkutanisha anayesema mwenyeji atashinda na anayesema hatashinda, anashika pesa za wote wawili mpaka mechi iishe, kisha anachukua ujira wake kwa aliyepata.

Kwenye skrini ya Betfair utaona kila timu ina visanduku vya buluu na vya waridi. Buluu ni Back: unaunga mkono, unasema litatokea. Hilo ndilo dau ambalo kila mtu analijua. Waridi ni Lay: unapinga, unasema halitatokea, na hapo wewe ndiye umekaa kwenye kiti cha kampuni mbele ya mtu mwingine. Ndani ya kila kisanduku kuna odi juu na kiasi cha pesa chini yake. Kiasi hicho ni pesa halisi ya watu wanaosubiri mwenzao kwa bei hiyo. Ukitaka kuweka pauni 500 na palipo na pauni 80 tu, 80 zitapata mwenza na 420 zitabaki kwenye foleni chini ya neno Unmatched. Zinaweza kubaki hapo mpaka kipenga cha mwisho, na kwa hizo 420 ukawa hukubeti chochote.

Kwa kuwa wanaopanga bei ni wateja wenyewe wanaoshindana, mechi ile ile utaikuta na odi kama 2.12, 3.60 na 3.95. Fanya hesabu ile ile: jumla ni 100.3. Faida ya mwenye duka karibu yote imeyeyuka. Sasa ndiyo tulete kamisheni. Umeweka pauni 100 kwa mwenyeji kwa 2.12 na ameshinda. Faida ni 112, dalali anakata asilimia 5, yaani pauni 5.60, unabaki na 106.40. Kwa ile kampuni isiyokata hata senti ungepata 100 kamili. Na mwenyeji akipoteza, dalali hakudai chochote juu ya zile 100 zako zilizokwenda. Ukichagua kiwango cha asilimia 2, kama anachotoza Smarkets, tofauti inazidi kuwa kubwa.

Kuna neno moja kwenye masharti ambalo wengi wanalipita, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: kamisheni hutozwa kwenye faida halisi ya soko. Soko hapa ni orodha moja ya matokeo, kwa mfano nani atashinda mechi hii. Madau yako yote ndani ya orodha hiyo, ya kuunga na ya kupinga, yanajumlishwa kwanza, faida na hasara. Kinachobaki juu ndicho kinachokatwa. Ukibaki chini, hukatwi.

Turudi kwa mwenyeji wetu wa 2.12. Dakika ya 30 amefunga bao na odi yake imeshuka hadi 1.50. Umeshaweka pauni 100 kwa kuunga. Sasa unampinga kwa pauni 141.33 kwenye 1.50. Akishinda, dau la kwanza linakupa 112 na la pili linakugharimu 70.67, unabaki na 41.33. Asiposhinda, la kwanza linakupotezea 100 na la pili linakuletea 141.33, unabaki na 41.33 ile ile. Mechi haijafika mapumziko na matokeo yake hayakuhusu tena. Kamisheni ni asilimia 5 ya 41.33, yaani pauni 2.07. Kama dalali angekata kila dau lililoshinda peke yake, angechukua 5.60 mwenyeji akishinda, au 7.07 asiposhinda, na mtu anayeingia na kutoka sokoni mara kumi kwa mechi moja angemalizwa na makato tu. Neno "halisi" ndilo linalofanya biashara hii iwezekane. Kampuni nyingi siku hizi zina kitufe cha kutoa pesa kabla mechi haijaisha, lakini bei ya kutokea wanaipanga wao, na wanaweka faida yao mara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Neno hilo lina mpaka wake, na ni haki kuusema. Hesabu hufungwa soko kwa soko. Ukishinda pauni 50 kwenye mshindi wa mechi na ukapoteza pauni 50 kwenye idadi ya mabao ya mechi hiyo hiyo, mfukoni umetoka sifuri, lakini umelipa 2.50 kwenye lile la kwanza. Anayetawanya madau kwenye masoko mengi madogo hulipa kamisheni nyingi kuliko anavyodhani.

Na kupinga kuna mtego. Mgeni kwenye soko anaona odi ya 3.95 ya timu ngeni, anaona haiwezi kushinda, anabonyeza waridi na kuandika 50. Anadhani amehatarisha pauni 50. La. Pauni 50 ndizo atakazopata. Anachohatarisha ni 50 mara 2.95, yaani pauni 147.50, na kiasi hicho kinaonekana kando ya dau chini ya neno Liability. Kwa odi ya 30 ungehatarisha 1,450 kwa ajili ya 50. Soko hulifunga deni hilo kwenye akaunti yako kabla ya kukubali dau, na uaminifu wote wa soko umesimama kwenye kufuli hilo. Tarehe 28 Desemba 2011, huko Leopardstown nchini Ayalandi, hitilafu ya mfumo wa Betfair iliacha kufuli wazi: farasi Voler La Vedette akiwa anakimbia na ushindi uko wazi, palikuwa na zaidi ya pauni milioni 20 za kumpinga kwa odi ya karibu 29. Deni lake lilikuwa zaidi ya nusu bilioni, pesa ambayo mwenye akaunti hakuwa nayo. Farasi alishinda, na madau yaliyowekwa mbio zikiendelea yakafutwa. Waliodhani wametajirika walirudishiwa dau lao.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani wa masoko haya, na kampuni kongwe za Uingereza ziliisema mapema sana, ni kwamba ukimruhusu kila mtu kupinga, umemruhusu kila mtu kunufaika na anayeshindwa. Kuhakikisha farasi anashinda ni kazi ngumu. Kuhakikisha hashindi ni rahisi. Siipuuzi hoja hii. Lakini angalia Sopot, Polandi, Agosti 2007. Nikolay Davydenko, wa nne duniani katika tenisi wakati huo, alishinda seti ya kwanza dhidi ya Martin Vassallo Arguello, na pesa ikaendelea kumiminika kwa Arguello kana kwamba ubao wa matokeo hausomeki. Davydenko alijitoa seti ya tatu kwa kuumia. Betfair ilifuta madau yote ya mechi hiyo, na ATP, chama kinachosimamia tenisi ya wanaume, ikachunguza na mwaka 2008 ikaeleza kuwa haikupata ushahidi wa kosa kwa wachezaji hao wawili. Ninachokiona mimi ni kwamba shaka ilionekana, na ilionekana kwa sababu kila dau lilikuwa na saa na bei mbele ya macho ya soko zima, na akaunti mbele ya macho ya Betfair. Pesa chafu inayopitia kaunta kumi za kampuni tofauti haiachi mchoro kama huo.

Tofauti nyingine inamgusa zaidi yule anayejua mpira. Mwenye duka hula kwa anayepoteza, kwa hiyo mteja anayeshinda ni hasara yake. Ndiyo maana kampuni nyingi za Uingereza humpunguzia kiwango cha dau anayeshinda mfululizo, mpaka anaruhusiwa pauni mbili tatu. Dalali hapati hasara ukishinda. Hata hivyo Betfair nayo ilifika mahali ikawageukia washindi: mwaka 2008 ilianzisha tozo ya ziada kwa waliokuwa wakipata faida muda mrefu huku wakilipa kamisheni ndogo, na mwaka 2011 ikaipandisha hadi asilimia 60 kwa wachache wa juu kabisa. Hapo naona walikosea, maana waliwatoza wale wale wanaoweka bei nzuri kwa wengine.

Duka bado lina mahali pake. Mkeka wa mechi nne hauuzwi vizuri sokoni, kwa sababu ni vigumu kumpata wa kukupinga kwa mchanganyiko wako. Ila ujue unachonunua: kwa kila mechi kampuni ikiwa na ile 7.2 yake, mechi nne zinazidishana, na kwa wastani kila pauni 100 zinarudi kama 76. Ligi ndogo zisizo na watu sokoni, nazo nenda dukani. Kadhalika timu kubwa yenye odi fupi: duka likitoa 1.20 na soko 1.21, kamisheni ya asilimia 5 inaishusha ile ya soko hadi 1.1995, na duka limekushinda.

Kwa hiyo kaka wa Birmingham, kabla hujabonyeza buluu, toa 1 kwenye odi ya soko, zidisha kwa 0.95, rudisha 1, kisha linganisha na odi ya kampuni yako. Kwa mwenyeji wetu ni 2.064 dhidi ya 2.00.