Nukta tatu kwenye tangazo la boti: tukate au tuache?

“Matangazo ya safari yanaonekana ovyo kwenye simu, mengine mstari mmoja, mengine minne. Tuyakate yote yawe mstari mmoja na nukta tatu mwishoni, au tuyaache?”

Anayeuliza anahudumia ukurasa wa safari za boti za Unguja na Pemba, na hoja yake ina uzito. Abiria aliyesimama bandarini Malindi, Unguja, mzigo mkono mmoja na simu mkono wa pili, hasomi matangazo. Anayapitisha macho akitafuta linalomhusu. Skrini ya simu nyingi ina upana wa pikseli 360 hivi kwa hesabu ya kivinjari, na tangazo la mistari minne linakula nafasi ambayo yangekaa manne. Tangazo refu la juzi likikaa juu, la leo linasukumwa chini mpaka lisionekane bila kuburuta kidole. Wanaoandika matangazo hawapimi urefu wanapoandika, na hatuwezi kumlazimisha kila karani wa bandarini apime. Kwa hiyo kutaka orodha ikae sawa si kupenda urembo. Ni kumwonea huruma msomaji.

Kazi yenyewe ni nyepesi, CSS ya mistari mitatu tu:

```css
.tangazo {
  white-space: nowrap;
  overflow: hidden;
  text-overflow: ellipsis;
}
```

Amri ya kwanza inazuia maandishi kushuka mstari wa pili, ya pili inaficha yanayozidi, ya tatu inaweka nukta. Ukikosa mojawapo ya mbili za mwanzo, nukta hazitokei. Hazitokei pia ukiiweka moja kwa moja kwenye `span` ya kawaida, kwa sababu amri hii inafanya kazi kwenye kisanduku chenye upana wake. Mtego unaowasumbua wengi upo mahali pengine: mara nyingi mstari mzima umepangwa kwa `flex`, alama ya boti kushoto, na kulia kisanduku kinachoizunguka `.tangazo` yenye maneno. Kilichomo ndani ya `flex` kwa kawaida hakikubali kupungua chini ya upana wa maudhui yake, na maudhui yaliyokatazwa kushuka mstari yana upana wa sentensi nzima. Dalili yake utaiona mara moja: hakuna nukta, na ukurasa wote unaanza kuyumba kushoto na kulia ukiugusa. Dawa ni kuongeza `min-width: 0` kwenye kile kisanduku kinachoyazunguka maneno.

Hadi hapo upande wa kukata unashinda. Sasa tuchukue tangazo moja tulipitishe kwenye huo mkasi.

“Safari ya saa moja asubuhi kutoka Unguja kwenda Pemba haitakuwepo kesho.”

Toa kwenye zile pikseli 360 nafasi ya pembeni 16 kila upande, toa alama ya boti 40 na mwanya wa 12. Zinabaki 276. Kwa maandishi ya ukubwa wa 16, herufi moja inachukua wastani wa pikseli 8, kwa hiyo zinaingia herufi 34 hivi pamoja na nafasi kati ya maneno. Abiria ataona hivi:

“Safari ya saa moja asubuhi kutoka…”

Huyu amesoma tangazo la kufutwa safari akaelewa kwamba safari ipo. Hakudanganywa na neno lolote, kila alichokiona ni kweli. Lakini kilichokuwa habari kimekaa kwenye neno la kumi, nasi tumemkatia kwenye la sita.

Hili silioni kuwa bahati mbaya ya tangazo moja. Ndivyo tunavyojenga sentensi. Tunaanza na kitu, tunakifuatishia sifa zake, wakati wake, kinakotoka na kinakokwenda, halafu ndiyo tunafika kwenye kitenzi, na ndani ya kitenzi ndimo ulimo ukanusho. Majina ya mahali na taasisi nayo yanafuata njia hiyo hiyo. Chukua orodha ya skuli za Pemba kwenye jedwali lenye safu nyembamba inayobeba herufi 23 hivi. Skuli ya Sekondari ya Utaani, Skuli ya Sekondari ya Madungu, Skuli ya Sekondari ya Fidel Castro: zote tatu zitatokea “Skuli ya Sekondari ya…”, mstari juu ya mstari, na mzazi hawezi kujua ipi ni ya mwanawe. Sehemu inayotofautisha ndiyo iliyokatwa, na ile inayofanana ndiyo iliyobaki. CSS haina amri ya kukata katikati ikaacha mwisho. Kwa hiyo kwenye majina, mkasi wa mwisho wa mstari unaangukia pale pale pabaya karibu kila mara.

Wapo watakaosema: basi tusikate mstari mmoja, tuache miwili. Ni hoja nzuri kuliko ya kwanza, na inafanyika:

```css
.tangazo {
  display: -webkit-box;
  -webkit-box-orient: vertical;
  -webkit-line-clamp: 2;
  overflow: hidden;
}
```

Majina haya yanashangaza kidogo kwa sababu yalizaliwa kwenye injini ya WebKit juu ya mfumo wa zamani wa kupanga visanduku. Vivinjari vingine viliyapokea kama yalivyo, Firefox mwaka 2019 katika toleo la 68, na sasa yanafanya kazi karibu kila simu. Yaandike yote manne pamoja. Na usiweke `padding` ya chini kwenye kisanduku hicho hicho, maana kinachofichwa ni kinachopita ukingo wa nje wa padding. Mstari wa tatu utachungulia hapo chini, vichwa vya herufi vikionekana nusu. Ihamishie kwenye kisanduku kinachokizunguka.

Tangazo letu sasa linasomeka “Safari ya saa moja asubuhi kutoka”, na chini yake “Unguja kwenda Pemba haitakuwepo…”. Nafuu kubwa, ukanusho umeonekana. Kilichodondoka ni “kesho”, na abiria anabaki kujiuliza ni leo au lini.

Sasa mpe simu hiyo bibi yake wa Wete, ambaye wajukuu wamemkuzia maandishi mara mbili ili asome bila miwani. Kila mstari unabeba herufi 17 tu. Mstari wa kwanza unakuwa “Safari ya saa”, wa pili “moja asubuhi…”, basi. Hapa ndipo kukata kwa idadi ya mistari kunaponiuma zaidi: kadiri mtu anavyohitaji msaada wa kuona, ndivyo tunavyompa maneno machache zaidi. Aliye na macho mazima anapata karibu tangazo zima, yeye anapata theluthi. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, inataka maandishi yaweze kukuzwa mpaka asilimia 200 bila kupoteza maudhui, na nukta tatu zisizofunguka popote ni maudhui yaliyopotea.

Kwa haki, asiyeona kabisa hapotezi kitu hapa. CSS inaficha kwa macho tu, maneno yote yamo ndani ya ukurasa, na programu ya kusoma skrini kwa sauti itamsomea tangazo mpaka mwisho. Hii ndiyo sababu nasema kama ni lazima kukata, kata kwa CSS, si kwa kuhesabu herufi 30 kwenye seva na kutupa zilizobaki. Seva haijui upana wa simu ya mtu. Itamkatia hata mwenye kompyuta yenye nafasi tele, na kilichotupwa hakirudi. Anayetaja kuokoa bando ana hoja pale tu kila tangazo linapokuwa na aya nyingi. Kwa sentensi ya herufi sabini hakuna cha kuokoa.

Hoja ya mwisho ya wanaokata ni kwamba msomaji ana njia ya kuona yote. Njia gani? Wengi wanaweka maneno kamili kwenye `title`, ili yatokee kipanya kikisimama juu yake. Kwenye simu hakuna kipanya, na wasomaji wa ukurasa huu wapo kwenye simu. Njia inayofaa ni kitufe cha “Soma yote”, nacho kionekane pale tu palipokatwa kweli. Hilo linapimwa kwa kulinganisha urefu wa maudhui na urefu unaoonekana:

```js
kitufe.hidden = el.scrollHeight <= el.clientHeight;
```

Pima tena simu ikigeuzwa na fonti ikishapakuliwa, la sivyo kitufe kitatokea pasipo na kitu cha kufungua, au kikosekane penye nacho. Kitufe hiki kinatosha kwa maelezo marefu: sababu za kuahirishwa, utaratibu wa kurudishiwa nauli, hali ya bahari. Hakitoshi kwa kichwa cha tangazo, kwa sababu aliyesoma “Safari ya saa moja asubuhi kutoka…” hana sababu ya kubonyeza. Haoni kama kuna asichokijua.

Kwa ukurasa huu, basi, ningefanya hivi. Vichwa vya matangazo viachwe vishuke mistari kadiri vinavyotaka, na wanaoviandika waombwe kuanza na habari. “Kesho hakuna boti ya saa moja asubuhi Unguja kwenda Pemba” ni habari ile ile, na hata mkasi wa mstari mmoja ukipita unaacha “Kesho hakuna boti ya saa moja asu…”. Kwa bibi wa Wete, mistari yake miwili inampa “Kesho hakuna boti ya saa moja…”. (Ningependa hata hiyo “kesho” iwe jina la siku, maana tangazo likikaa siku mbili linageuka uongo.) Maelezo ya chini ya kichwa yakatwe mistari mitatu, na kitufe chake. Matangazo yaliyopitwa na wakati yaondolewe juu. Hilo litaipunguza orodha kuliko nukta zozote, kwa sababu lililokuwa likilisukuma la leo chini lilikuwa la juzi.

Kwenye jedwali la skuli nisingekata kabisa. Ningeandika “Skuli za Sekondari” mara moja kama kichwa cha safu, na chini yake Utaani, Madungu, Fidel Castro. Safu ile ile nyembamba inawatosha wote.

Kabla ya kuuweka hewani, fungua ukurasa kwenye simu ya kawaida, nenda kwenye mipangilio, kuza maandishi mpaka mwisho, kisha umpe mtu asiyejua kilichoandikwa akwambie kama kesho kuna boti.