Zimebaki tatu, za tangu lini?

Kila anayenunua nguo kwa simu ameshakutana na tangazo hili: picha ya dera, mishale myekundu miwili mitatu, na chini yake "ZIMEBAKI 3 TU, WAHI MPENZI". Wiki inayofuata picha ni ileile na zilizobaki ni zilezile tatu. Kuna duka moja ninalolifuatilia ambalo abaya zake tatu za mwisho zilianza kuisha kabla ya Ramadhani, na Idi ilipopita bado zilikuwa zinaisha.

Mimi nauza madera na abaya, kwa hiyo najua tangazo la namna hiyo linatoka wapi. Mzigo umelala, kodi ya fremu haisubiri, na mteja asiposukumwa kidogo anasema "nitakuja" halafu haji. Kumharakisha mteja si dhambi. Ninachopinga ni kumharakisha kwa hesabu isiyokuwepo, na sababu yangu kubwa ni ya kibiashara kabla ya kuwa ya kidini. Mpita njia wa Kariakoo anaweza asirudi tena. Lakini watu wanaoangalia stetasi yangu ni walewale kila siku, namba zao ziko kwenye simu yangu na yangu iko kwenye zao. Stetasi inafutika baada ya saa 24, skrinishoti haifutiki. Na akina mama wana makundi yao: mmoja akiambiwa limebaki moja, mwenzake naye akaambiwa limebaki moja la rangi hiyohiyo, na wote wawili wakaletewa, habari imeshafika mahali ambapo huwezi kujitetea.

Watu wengi hudhani uongo huu unatokana na tamaa tu. Nadhani sehemu kubwa inatokana na daftari. Muuzaji hajui ana ngapi, kwa hiyo anaandika "chache".

Chukua mzigo wa madera 60 ya Idi, rangi nne, kila rangi 15: nyeusi, maruni, kijani na rangi ya maziwa. Siku kadhaa kabla ya sikukuu yameshalipiwa 41. Ukiangalia rafu unaona 19, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuandika "zimebaki 19". Kati ya hizo 19, sita zimeshikwa na watu waliosema "niwekee". Moja limeachia mshono kwapani na haliuziki mpaka fundi aliguse. Moja limevaa sanamu pale mlangoni, limepigwa jua, na silihesabu kama jipya. Kwa hiyo ninazoweza kumuuzia mtu sasa hivi ni 11. Nazo si 11 za kuchagua: saba ni za rangi ya maziwa, mbili maruni, mbili kijani, nyeusi hakuna. Anayetaka maruni ana haki ya kuharakishwa. Anayetaka la maziwa hana sababu yoyote ya kukimbia, na nikimwambia "zimebaki 11 tu" nimemtisha bure.

Basi tangazo langu siku hiyo linasomeka hivi: "Hesabu ya leo Jumatatu saa 10 jioni. Maruni 2, kijani 2, rangi ya maziwa 7. Nyeusi zimeisha. Zilizowekwa ni 6, mwisho wa kulipia ni leo saa 2 usiku; zikiachwa nitatangaza. Mzigo mwingine haufiki kabla ya Idi."

Halina mishale wala herufi kubwa, na linauza. Saa imeandikwa kwa sababu hesabu ya stoki inachacha haraka. Atakayelisoma usiku anajua anasoma habari za jioni, hataniona mwongo akikuta maruni zimekwisha. Rangi zimetajwa moja moja kwa sababu mtu hanunui "dera", ananunua dera la maruni linaloendana na mtandio alionao. Na kile kipande cha mzigo mwingine ndicho kinachopima uaminifu wa muuzaji kuliko vyote. Kama mzigo unakuja wiki ijayo, useme. Najua kwamba ukisema, kuna watakaosubiri na leo utauza pungufu. Kubali hasara hiyo. Aliyelipa haraka kwa kuamini ni la mwisho, kisha akaona marobota yanafunguliwa siku nne baadaye, hatakupigia kugomba. Ataendelea kuangalia stetasi zako bila kununua.

Kuhusu "niwekee", hapa ndipo uhaba wa uongo unapozaliwa bila mtu kukusudia. Mteja anasema "niwekee dada, nalipa mshahara ukitoka". Unaweka. Wanakuja watatu wanalitaka lilelile, unawajibu limeisha. Mshahara unatoka, mteja kimya, na sasa una dera ulilowanyima watu watatu kwa jina la mtu asiyelitaka. Ukilirudisha kwenye tangazo, wale watatu wanaona "limeisha" limefufuka.

Dawa yake ni kanuni inayojulikana na kila mtu. Kwangu, bila malipo nguo inashikwa mpaka saa 2 usiku ya siku hiyohiyo. Kwa nusu ya bei inashikwa siku tatu. Muamala usipoingia, inarudi mezani, na wa kwanza kuambiwa ni yule aliyekuwa ameulizia ikakosekana. Majina yao nayaandika kwa mpangilio wa walivyouliza. Hii ina ukakasi kwa ndugu na majirani. Shangazi akisema "niwekee mwanangu", huwezi kumsomea masharti. La shangazi nalihesabu limeuzwa tangu dakika hiyo, na akighairi nalivaa mimi.

Tatizo jingine ni nguo moja kuuzwa sehemu mbili. Msaidizi yuko dukani, mimi niko kwenye simu, dera la mwisho la kijani limeuzwa na sisi wote ndani ya dakika kumi. Tukibaki na mbili au pungufu kwa rangi, zinatolewa rafuni na kuwekwa chini ya meza, na hakuna anayesema "lipo" kabla ya kulishika mkononi. Ni njia ya kizamani, lakini haijawahi kukwama kwa sababu bando limeisha.

Kuna jaribio la mwaka 1975 ambalo watu wa masoko hupenda kulitaja. Stephen Worchel na wenzake waliwapa watu biskuti waonje, wengine kutoka kwenye chupa yenye biskuti 10, wengine kutoka kwenye chupa yenye mbili. Biskuti zilikuwa za aina moja, ila za kwenye chupa yenye mbili ndizo zilizoonekana za kutamanika zaidi. Wengi huishia hapo na kuondoka na somo la "sema zimebaki mbili". Sehemu iliyonivutia mimi ni inayofuata: walioanza kwa kuona chupa ya 10, kisha ikabadilishwa ikaletwa ya mbili, walizithamini biskuti kuliko walioona mbili tangu mwanzo. Na zilithaminiwa zaidi pale walipoelezwa kwamba zimepungua kwa sababu wengine wamezihitaji.

Ukilitazama jaribio hilo kwa jicho la muuzaji, "tatu" isiyosogea haina nguvu inayodhaniwa. Kinachomsukuma mtu ni kuona namba ikishuka na kujua kwa nini inashuka. Asubuhi maruni zilikuwa tano, jioni ni mbili, tatu zimekwenda kwa watu wa harusi moja Tanga. Ukiwa na daftari unaweza kumwonyesha mteja jambo hilo kila siku. Asiye nalo anabaki na mishale myekundu.

Tarehe nazo ni za kuheshimiwa. Mteja wa Mwanza ana mwisho wa kweli ambao si mimi niliyeuweka. Kifurushi kinafika stendi ya Magufuli, Mbezi, jioni, kinaondoka na basi la alfajiri, naye anakichukua siku inayofuata. Idi ikitarajiwa Ijumaa au Jumamosi kutegemea mwandamo, siwezi kupanga kwa Jumamosi. Napanga kwa Ijumaa. Dera liwe mkononi mwake Alhamisi, liondoke Jumatano, kwa hiyo malipo yaingie Jumanne kabla sijafunga duka. Nikimwandikia hesabu hiyo nzima, siku kwa siku, anaharakishwa na ratiba ya basi. Wa Temeke ana mpaka Alhamisi jioni, nami namwambia hivyo, simwekei tarehe ya Mwanza ili alipe mapema.

Hilo la tarehe za kubuni limeshafika mbele ya sheria katika nchi nyingine. Orodha ya mambo yaliyopigwa marufuku katika agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2005 inataja wazi kumdanganya mnunuzi kwamba bidhaa ipo kwa muda mfupi sana ili aamue bila kufikiri. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kwa ujumla wake. Sijaona muuzaji wa madera akiitwa na Tume ya Ushindani kwa ajili ya stetasi, na sitegemei kumwona, kwa hiyo simtishi mtu kwa sheria.

Ninaulizwa ufanyeje mzigo ukipatikana baada ya kusema hautapatikana. Hutokea: msambazaji anapiga simu, kuna dazeni moja iliyorudishwa na mteja wa Morogoro. Nalitangaza hivyohivyo lilivyo, zimetoka wapi na ni ngapi, na kabla ya stetasi naanza na wale walioandikwa kwenye orodha ya waliokosa. Nisichofanya ni kuziuza kwa bei ya chini kuliko waliyolipa watu wa jana. Aliyekimbia akalipa 35,000 hapaswi kuona lilelile kwa 28,000 kesho yake asubuhi. Nikitaka kushusha bei nasubiri Idi ipite, na naisema mapema kwamba ikipita nitashusha kwa zile zitakazobaki.

Ambazo, kwa mzigo ule, zitakuwa za rangi ya maziwa. Mteja aliyeniuliza kama awahi moja nilimwambia asubiri, saba haziishi leo. Alicheka, akachukua la maruni.